Kipimo cha Vijana na Chupa ya Chumvi

Tuseme kundi la wanafunzi limeleta kwenye mashindano ya ubunifu kipimo cha unyevu wa mahindi: kopo lenye mabamba mawili ya chuma, saketi ndogo na kioo kinachoonyesha asilimia. Jaji aanzie wapi?

Aanzie kwa mkulima. Tatizo lenyewe ni la kweli: mahindi yakiwekwa ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini mkulima hayuko mikono mitupu. Akitia mahindi katika chupa kavu, akaongeza chumvi kavu, akatikisa kisha akaacha yatulie kwa robo saa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa atajua unyevu umepita asilimia 15. Chumvi isipoganda, bado hajui kama mahindi yake yana unyevu wa asilimia 14 au 13. Hapo ndipo penye pengo. Kifaa kisichoweza kutofautisha viwango hivyo viwili hakijamwongezea mkulima kitu.

Kwa hiyo jaribio la utendaji lilenge pengo hilo. Siku chache kabla ya mashindano, waamuzi huandaa sampuli zisizo na alama na kuzifunga zisipitishe hewa. Sehemu ya kila sampuli hupimwa uzito, hukaushwa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzijoto 103 za Selsiasi kwa saa 72, kisha hupimwa tena. Gramu 200 zikishuka hadi 172, maji yaliyotoka ni gramu 28, yaani unyevu ulikuwa asilimia 14. Siku ya mashindano vijana hupima sampuli ileile mara tatu, wakimwaga na kujaza upya kila mara, kwa sababu punje zilizoshindiliwa husomeka tofauti na zilizolegea. Kifaa kikisoma 12, kisha 15, kioo chake kizuri kisimpumbaze jaji. Waulizwe pia kama walikipima asubuhi na mchana, maana joto hubadilisha usomaji.

Mwisho ni gharama. Vijana wengi hutaja bei ya vipuri tu. Kama vipuri ni shilingi 60,000, bado kuna kasha, betri, kazi ya kuunganisha, vifaa vitakavyoharibika na faida ya muuzaji. Bei ikifika 110,000, mkulima mmoja mwenye magunia manane hatakinunua, ila kikundi cha wakulima 20 kitachanga 5,500 kila mtu. Timu iliyokwisha kupiga hesabu hiyo inamjua mnunuzi wake.

Jaji asilinganishe kifaa na mikono mitupu. Akilinganishe na chupa ya chumvi, na kisipoishinda, kisipewe zawadi.