Barua ya ofa: masharti yanayomlinda mnunuzi wa nyumba

Tuchukue mfano wa mume na mke wanaotaka kununua nyumba ya vyumba vitatu Syokimau, Kaunti ya Machakos. Mwenye nyumba anataka shilingi milioni 12. Wao wana akiba ya milioni 3, na benki imewaambia kwamba, wakitimiza vigezo, itawakopesha asilimia 80 ya thamani ya nyumba. Wameizunguka nyumba mara mbili na wameipenda. Dalali anawahimiza waandike barua ya ofa siku hiyohiyo, kwa kuwa kuna mteja mwingine anayetoka ng'ambo na pesa taslimu.

Barua ya ofa ni karatasi moja au mbili. Mnunuzi anaeleza ndani yake nyumba anayoitaka na namba ya hatimiliki yake, bei anayotoa, jinsi atakavyolipa, muda wa kukamilisha, na masharti ambayo yasipotimia atajiondoa. Kwa miradi mipya, kampuni ya ujenzi ndiyo huandika barua na mnunuzi hutia sahihi tu. Kwa nyumba iliyokwisha kukaliwa, mnunuzi anaweza kuiandika mwenyewe au kupitia kwa wakili wake, na hapo ndipo anapopata nafasi ya kutaja masharti kwa maneno yake.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), inasema kesi juu ya mauzo ya ardhi haiwezi kufunguliwa mahakamani isipokuwa mkataba uwe wa maandishi, umetiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Ndiyo maana barua ya ofa kwa kawaida haifungi mtu. Husafisha njia kuelekea mkataba wa mauzo unaoandikwa na mawakili. Hata hivyo, barua yenye kila kitu, yenye sahihi na mashahidi, inaweza kuzua mabishano kama imekwisha kuwa mkataba au la. Wakili mwangalifu huongeza sentensi moja: ofa hii inategemea kutiwa sahihi kwa mkataba rasmi wa mauzo.

Sasa turudi kwenye pesa za familia ile. Barua nyingi huishia kwenye maneno kama haya: “Ununuzi unategemea mnunuzi kupata mkopo.” Yanasikika vizuri, lakini hayasemi chochote. Mkopo wa kiasi gani? Kutoka benki gani? Kufikia lini? Ukikosekana, amana inarudi au inabaki kwa muuzaji?

Kilichowapata katika mfano wetu ni jambo la kawaida. Benki ilimtuma mthamini, naye akaandika kwamba nyumba ina thamani ya milioni 10.5. Benki hukopesha kwa kuangalia kiasi kidogo kati ya bei waliyokubaliana na thamani aliyoiona mthamini. Asilimia 80 ya milioni 10.5 ni milioni 8.4. Bei ni milioni 12, kwa hiyo pengo ni milioni 3.6, nao wana milioni 3 tu. Bado hawajagusa ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4, wala ada za wakili na za benki. Mkopo wamepata, tena benki imewakubalia, lakini nyumba hawawezi kuinunua. Sharti la “kupata mkopo” limetimia huku wao wamekwama.

Sharti lenye nguvu lingeandikwa hivi: “Mnunuzi anaweza kujiondoa iwapo, ndani ya siku 45 tangu mkataba kutiwa sahihi, hatapata barua ya benki inayomkubalia mkopo usiopungua shilingi 9,600,000. Taarifa ya kujiondoa itatolewa kwa maandishi kabla ya muda huo kwisha, na amana yote itarejeshwa ndani ya siku 7.” Maneno hayo yana kiasi, tarehe, ushahidi unaoweza kuonyeshwa, na hatima ya pesa. Mkopo ukija wa milioni 8.4, familia ina njia mbili: kujiondoa na pesa zao, au kurudi kwa muuzaji na ripoti ya mthamini mkononi kuomba bei ishuke.

Hatima ya pesa ndiyo nguzo ya sharti lote, kwa kuwa desturi ya Kenya ni kulipa asilimia 10 mkataba unapotiwa sahihi. Hapa ni shilingi milioni 1.2. Mnunuzi asiyekuwa na sharti la mkopo akishindwa kulipa salio siku ya kukamilisha, muuzaji humpa ilani, aghalabu ya siku 21, kisha anaweza kuvunja mkataba na kubaki na amana hiyo. Ni vyema basi barua iseme nani ataishika. Wakili wa muuzaji akiishika kama mshika amana wa pande zote mbili, haruhusiwi kuiachilia hadi mauzo yakamilike au masharti yaamue. Akiishika kama mwakilishi wa muuzaji, inaweza kuingia mkononi mwa muuzaji kesho yake, na kuirudisha ikawa safari ya mahakamani.

Sharti la pili ni ukaguzi, na hapa wanunuzi wengi wa mkopo hujidanganya. Wanaona mthamini wa benki amefika, amepima vyumba na kupiga picha, wakadhani nyumba imekaguliwa. Mthamini yule anafanya kazi ya benki. Anataka kujua nyumba ingeuzwa kwa kiasi gani endapo mkopaji angeshindwa kulipa. Hapandi darini kutafuta mbao zilizoliwa na mchwa, hafungui shimo la maji taka, wala hapimi mfumo wa umeme. Kazi hiyo ni ya mhandisi wa majengo anayelipwa na mnunuzi, na ripoti yake huandikiwa mnunuzi.

Syokimau, Kitengela na Athi River zina sababu yao ya pekee ya kumwita mhandisi. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ina udongo mweusi mzito ambao hufura mvua zikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi, hadi ardhi yenyewe ikapasuka. Mjenzi makini huuondoa wote mpaka afike kwenye mwamba au murramu, ndipo aweke msingi. Mjenzi anayeokoa gharama huacha sehemu, na nyumba huinuka na kushuka kidogo kila msimu. Dalili huonekana kutani: ufa unaoanzia pembe ya dirisha au mlango na kupanda kimshazari, mpana juu na mwembamba chini, au wenye kupita kwenye mawe yenyewe badala ya kuishia kwenye lipu. Milango inayogoma kufunga ni dalili nyingine. Nyuzi ndogondogo zilizotawanyika kwenye lipu kwa kawaida ni za kukauka tu. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja, wakati kuta nyingine zimefifia, inastahili swali.

Mhandisi akishaandika ripoti, barua iwe imekwisha kusema nini kinafuata. Sharti la “ukaguzi wa kuridhisha” humtisha muuzaji, maana mnunuzi anaweza kusema hajaridhika kwa sababu ya kitasa kilicholegea. Mwenye nyumba atamkimbilia yule mteja wa ng'ambo. Njia inayokubalika pande zote ni kuweka kiwango. Familia ile ingeweza kuandika kwamba ukaguzi utafanywa ndani ya siku 14. Matengenezo yakikadiriwa na mhandisi kuwa chini ya shilingi 200,000, mnunuzi ataichukua nyumba ilivyo. Yakizidi hapo, pande mbili zitakuwa na siku 7 za kukubaliana juu ya bei au matengenezo. Wasipokubaliana, kila mmoja ako huru na amana inarudi.

Tuseme mhandisi amekuta ufa wa msingi upande wa jikoni na kukadiria kazi ya shilingi 650,000. Muuzaji anapendekeza atengeneze mwenyewe kabla ya makabidhiano. Pendekezo hilo lisipokelewe haraka. Muuzaji anayehama ana haraka ya kumaliza, na ufa wa msingi unaweza kuzibwa kwa saruji na kupakwa rangi ukaonekana umepona hadi mvua za masika. Mnunuzi akikubali, aandike kwamba mhandisi wake ndiye atakayeithibitisha kazi. Vinginevyo ni salama zaidi kushusha bei hadi milioni 11.35 na kutengeneza baadaye kwa fundi wake mwenyewe. Ila bei ikishuka, benki ijulishwe mara moja, kwa kuwa mkopo wote ulipigiwa hesabu kwa bei ya zamani.

Masharti yote mawili yana adui mmoja, naye ni kalenda. Siku 14 zikipita mnunuzi akiwa kimya, muuzaji ana haki ya kusema kwamba ukaguzi umekubalika, hasa mkataba ukiwa umeandikwa hivyo. Ujumbe wa simu kwa dalali hautoshi. Taarifa iende kwa wakili wa muuzaji kwa maandishi, ndani ya muda, kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba. Benki ikichelewa, na huchelewa, mnunuzi aombe siku za nyongeza kabla zile za kwanza hazijaisha, na apate jibu lenye sahihi.

Muuzaji naye ana haki ya kutofungwa miezi mitatu na mtu asiyekuwa na uwezo. Kwa hiyo barua yenye masharti huwa na nguvu zaidi ikiambatanishwa na barua ya benki ya kuonyesha kiasi ambacho mwombaji anaweza kukopeshwa, na ikiwa na muda mfupi: siku 14 za ukaguzi kwanza, mkopo baadaye. Nyumba ikiwa na kasoro ya msingi, yote hufahamika ndani ya wiki mbili, kabla mtu hajalipa ada ya mthamini wa benki.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoumiza wengi. Barua ya ofa imeandikwa vizuri, masharti yote yamo, muuzaji amekubali. Wiki tatu baadaye mkataba wa mauzo unafika kutoka kwa wakili wa muuzaji ukiwa na kurasa 15. Karibu na mwisho kuna kifungu kinachosema mkataba huu unachukua nafasi ya makubaliano na barua zote za awali. Kama masharti ya mkopo na ukaguzi hayakuhamishiwa ndani ya mkataba huo, sahihi ya mnunuzi imeyafuta, hata kama barua iko kabatini.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mnunuzi aiweke barua ya ofa kando ya mkataba na kutafuta kila sharti kwa kidole: kiasi cha mkopo, tarehe, kiwango cha matengenezo, mshika amana, na siku za kurejesha pesa. Lisiloonekana kwenye mkataba, amwambie wakili wake aliingize, na asilipe ile asilimia 10 mpaka limeingia.