Mlango wa Umeme wa Njia Moja
Dayodi ya 1N4007, ile nyeusi yenye mstari wa fedha, ni silikoni ya pande mbili: n yenye elektroni za ziada na p yenye matundu yanayozisubiri. Pande hizo zinapokutana, mpakani hubaki ukanda usio na chaji huru. Huo ndio kizuizi.

Chanya ya betri ikielekezwa p, grafu ya mkondo hulala chini kwanza, kana kwamba dayodi imekufa. Karibu na volti 0.6 hunyanyuka ghafla. Hapo kizuizi kimeshindwa.

Betri ikigeuzwa, ukanda hupanuka na mkondo hukaribia sifuri, ingawa zaidi ya volti 1000 dayodi hii huweza kuvunjika.

Fundi akipima na kuona sifuri pande zote mbili, imeungua.