Mzigo Usipofika: Hatua za Kudai

Ndege ya kimataifa inapofutwa na abiria kupangiwa nyingine, begi lake huweza kubaki nyuma. Kwa hiyo, wakati wa kubadilishiwa tiketi, amwonyeshe mhudumu kibandiko cha mzigo na kuuliza kama begi limehamishiwa ndege mpya. Dawa na nyaraka zibaki mkononi.

Begi lisipoonekana, abiria hutoa taarifa kwenye dawati la mizigo kabla ya kuondoka uwanjani, na kupewa nakala ya fomu ya PIR. Fomu hiyo huthibitisha tukio. Fidia huombwa kwa barua au baruapepe. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaozihusu pia Kenya na Tanzania, unaweka muda: siku 7 tangu kupokea begi lililoharibika, na siku 21 tangu kupokea lililochelewa.

Tuseme abiria wa Maskati hadi Dar es Salaam amepokea begi lililochelewa tarehe 5 Machi. Madai ya nguo alizolazimika kununua, pamoja na risiti, yatumwe kabla tarehe 26 Machi haijapita. Begi lisipofika kabisa ndani ya siku 21, linaweza kudaiwa kama lililopotea. Kesi mahakamani hufunguliwa ndani ya miaka 2.