Safu ya Tano: Kujua Kama Modeli ya Kubadilisha Sura Imeiva au Imekariri

Programu ya DeepFaceLab ikiwa kazini haina maneno mengi. Kwenye dirisha jeusi inaandika mstari mmoja tu, unaobadilika muda wote:

```
[14:32:05][#084500][0412ms][0.2841][0.2617]
```

Kwanza ni saa, kisha idadi ya mizunguko ya mafunzo iliyokwisha kupita, kisha muda uliotumika kwa mzunguko mmoja. Namba mbili za mwisho ndizo zinazowanyima watu usingizi. Hizo ni viwango vya makosa, kimoja kwa kila mtu kati ya wawili wanaohusika, na kadiri zinavyoshuka ndivyo mashine inavyodai kuwa imejifunza. Pembeni hufunguka dirisha jingine lenye grafu ya namba hizo kwa juu na safu za picha za nyuso kwa chini. Asiyejua kuvisoma viwili hivyo kwa pamoja atasimamisha kazi mapema na kubaki na sura yenye ukungu, au ataiacha kompyuta ichemke siku nenda rudi hadi iharibu kilichokwisha kuwa kizuri.

Ufundi huu umechafuliwa jina na matapeli, lakini una kazi zake halali. Katika filamu ya David France ya mwaka 2020, Welcome to Chechnya, sura za watu waliokuwa wakikimbia mateso zilifunikwa kwa sura za watu waliojitolea, ili mtazamaji aone machozi na tabasamu bila kumtambua mwenyewe. Tuchukue kazi ya namna hiyo hiyo. Tuna mahojiano ya shahidi yenye urefu wa sekunde 100. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni picha 2,500 za uso wake. Tuna pia picha 4,000 za mtu aliyekubali kwa maandishi kutoa sura yake. Katika programu, mtoa sura huitwa `src` na shahidi huitwa `dst`.

Modeli yenyewe ina sehemu ya kusoma uso na sehemu ya kuuchora. Kwa muundo unaoitwa `df`, msomaji ni mmoja kwa watu wote wawili, ila wachoraji ni wawili, kila mmoja na mtu wake. Wakati wa mafunzo, uso wa mtoa sura husomwa na kuchorwa upya na mchoraji wake, na uso wa shahidi vivyo hivyo. Kubadilisha sura ni kuvusha waya tu: uso wa shahidi unasomwa, kisha anayepewa kazi ya kuuchora ni mchoraji wa mtoa sura. Kwa kuwa msomaji ni yule yule, anachokipeleka ni mkao wa kichwa, macho yanaangalia wapi, mdomo umefunguka kiasi gani, na mchoraji anaviweka hivyo kwenye sura anayoijua yeye.

Hapa ndipo penye siri ya zile namba mbili. Namba ya kwanza inapima mtoa sura alivyochorwa upya, ikilinganisha na picha yake halisi. Namba ya pili inapima shahidi alivyochorwa upya. Ile sura iliyobadilishwa, ambayo ndiyo tunayoitaka, haipimwi na namba yoyote, kwa sababu hakuna picha halisi ya kuilinganisha nayo. Hakuna kamera iliyowahi kumpiga mtoa sura akilia machozi ya shahidi. Kwa hiyo namba zinaweza kushuka vizuri kabisa huku kazi yenyewe ikiharibika.

Ndiyo maana dirisha la picha lina safu tano. Ya kwanza ni mtoa sura kama alivyopigwa, ya pili ni mtoa sura alivyochorwa na mashine. Ya tatu ni shahidi halisi, ya nne ni shahidi alivyochorwa. Ya tano ni mabadiliko yenyewe. Wanaoanza hukodolea safu ya pili kwa sababu ndiyo inayopendeza upesi. Safu ya kulinganisha kwa makini ni ya tatu na ya tano: kope za shahidi zikishuka nusu, je, za sura mpya zimeshuka nusu? Akitazama kushoto, mboni za sura mpya zimefika kushoto au zimebaki katikati?

Mizunguko elfu chache ya mwanzo haina la kusomwa. Grafu huporomoka, na picha zinatoka kwenye ukungu na kuwa umbo lenye rangi ya ngozi na mashimo mawili ya macho. Baadaye kona za mdomo zinajitokeza, lakini meno bado ni utepe mweupe usio na mgawanyiko. Meno na mboni za macho ndivyo vinavyochelewa kuliko vyote, na kwa sababu hiyo ndivyo vipimo vizuri vya umri wa modeli.

Katika hatua hii huwa tumewasha `random_warp`. Programu inaivuta na kuipinda kila picha kabla ya kumpa msomaji, halafu inamdai mchoraji airudishe ikiwa imenyooka. Kwa kuwa upindaji hubadilika kila mara, mashine haiwezi kukariri picha moja moja. Inalazimika kujifunza jicho ni nini na mdomo ni nini. Kazi hiyo ni ngumu, kwa hiyo namba hazishuki sana. Tuseme katika mradi wetu ya mtoa sura imefika 0.28 na grafu imelala. Wengi huona mlalo huo wakadhani kila kitu kimekwisha.

Hawajakosea kuutilia maanani, ila wameupa maana kubwa kuliko inayostahili. Grafu inaonyesha historia ndefu, na anguko la mwanzo ni kubwa kiasi kwamba ushukaji mdogo wa sasa hauonekani tena. Ukibonyeza `l`, programu inabadilisha urefu wa historia inayoonyeshwa, na mstari uliodhaniwa umelala mara nyingi huonekana bado unateremka. Zaidi ya hapo, picha za kukagua hupitishwa kwenye modeli zikiwa hazijapindwa, kwa hiyo zinaweza kuwa safi kuliko namba inavyoashiria. Mimi hupendelea kuwasha `Write preview history` tangu mwanzo, ili programu ihifadhi picha za kukagua kwenye folda. Mtu akikodolea skrini saa nzima jicho linazoea na haoni tofauti. Akiweka picha ya jana kando ya ya leo, ataona ukunjo wa kope ambao jana haukuwepo.

Picha za jana na leo zikifanana katika safu ya tano, na sura mpya inafuata kila mkao wa shahidi, ndipo tunazima upindaji. Namba zitaanguka ghafla, tuseme kutoka 0.28 hadi 0.20, na mgeni atashangilia. Hakuna cha kushangilia, maana mashine haikuerevuka kwa dakika mbili. Imepunguziwa kazi tu. Kwa sababu hiyo namba za kabla na za baada hazilinganishwi, wala namba za mradi wangu na wako, ikiwa ukubwa wa picha na mipangilio vinatofautiana. Faida ya kweli inakuja taratibu: meno yanagawanyika, nyusi zinapata nywele, ngozi inapata vinyweleo.

Na hatari nayo inaanzia hapo hapo. Bila upindaji, mashine ina ruhusa ya kukariri. Tuseme tumeiacha usiku kucha, asubuhi namba ya mtoa sura imefika 0.12 na safu ya pili huwezi kuitofautisha na ya kwanza. Tukitazama safu ya tano, kuna fremu ambayo shahidi anainamisha macho akikumbuka jambo zito. Sura mpya imeyafungua macho wazi na kutazama mbele. Mchoraji ameacha kumsikiliza msomaji, na amechota sura iliyo tayari kutoka kwenye picha alizozizoea. Dalili nyingine ni mdomo kubaki na tabasamu hafifu wakati wa shahidi umebana.

Kabla ya kuhukumu kuwa modeli imekariri, fungua ile folda ya historia uitafute fremu hiyo hiyo. Ikiwa siku mbili zilizopita macho yaliinama sawasawa na leo hayainami, basi tumepitiliza. Tunarudi kwenye nakala ya akiba ya wakati ule, ambayo programu huitunza yenyewe ukiiagiza ifanye hivyo kila baada ya saa kadhaa. Ikiwa macho hayakuwahi kuinama tangu mwanzo, ugonjwa ni mwingine: katika zile picha 4,000 hakuna ambazo mtoa sura anatazama chini. Muda zaidi hautasaidia. Inabidi kumwita tena mbele ya kamera, apigwe akiangalia sakafu, kisha picha hizo ziongezwe na upindaji uwashwe upya kwa muda.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya jumla vya fani hii vinaweza kukupotosha. Kwa kawaida modeli iliyokariri data yake ni modeli mbovu. Kwetu, shahidi akikaririwa si kosa kubwa, kwa sababu modeli haitatumika kwa video nyingine ila zile zile sekunde 100. Ikiwa kesho kuna mahojiano mengine ya kufunika kwa modeli hiyo hiyo, hapo hesabu inabadilika, na inafaa kutenga kipande ambacho modeli haijawahi kukiona ili kuijaribu.

Mruko wa ghafla kwenye grafu nao usikutie hofu kabla hujaangalia picha. Mruko mmoja unaorudi chini mara nyingi ni picha mbaya iliyoingia, labda sikio lililodhaniwa ni uso, na dawa yake ni kusafisha folda. Namba zikipanda zikabaki juu, na safu zote zikageuka mabaka ya rangi, modeli imeanguka. Usisubiri ipone, rudi kwenye nakala ya akiba.

Kinachobaki ni kile ambacho picha zilizosimama haziwezi kuonyesha, yaani mtikisiko. Fremu moja moja zinaweza kuwa nzuri zote, lakini zikichezwa kwa mfululizo pua ikapumua na taya likacheza. Tunahifadhi, tunasimamisha mafunzo, tunachagua sekunde kumi ngumu kuliko zote, zile ambazo shahidi anageuza kichwa na mkono wake unapita mbele ya uso, tunazibadilisha na kuzitazama kwa mwendo wa kawaida kwenye skrini kubwa. Kisha anaitwa mtu anayemfahamu shahidi, aambiwe aseme ni nani. Akimtaja, namba hata ingekuwa 0.10, kazi haijaisha.