Mkupuo au pensheni ya kila mwezi: hesabu ya mfanyabiashara wa Bujumbura

BUJUMBURA. Anayevusha bidhaa kati ya Bujumbura, Uvira na Kigoma amezoea kushika fedha yake mkononi. Akiambiwa akiba yake ya uzeeni igeuzwe malipo ya kila mwezi hadi kufa, huona kama mtego. Tufanye hesabu kwanza.

Chukulia mfano wa mama mwenye miaka 60, aliyeweka akiba ya faranga milioni 30. Anaweza kuzichukua zote kwa mkupuo, au kuziacha alipwe faranga 200,000 kila mwezi maisha yake yote. Ukigawanya, unapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Akifariki kabla ya hapo, mkupuo ungemfaa zaidi. Akifika miaka 80, atakuwa amelipwa milioni 48. Kikokotoo cha Tanzania kilichoanza Julai 2022 kilitumia miaka hiyohiyo 12.5: mstaafu alipewa mkupuo wa asilimia 33 ya pensheni yake ya mwaka, mara 12.5, na sehemu iliyobaki akalipwa kila mwezi.

Mpaka hapo pensheni inaonekana kushinda, hasa kwa anayetoka ukoo wa wanaoishi miaka mingi. Lakini hesabu hiyo haijagusa faranga yenyewe. Kabla ya Mei 2023, dola ilibadilishwa kwa kama faranga 2,080 kwa bei rasmi. Mwezi huo Benki Kuu ikashusha thamani ya faranga, na dola ikafika kama 2,800. Zile 200,000 zilizokuwa na thamani ya dola 96 zikabaki dola 71, ingawa kwenye karatasi hakuna kilichopungua. Muuza vitenge anayenunua kwa dola anaelewa hilo haraka kuliko karani yeyote.

Mkupuo unaweza kukimbia hatari hiyo kwa kugeuzwa mali. Tatizo ni kwamba mali nayo huzama. Mafuriko ya Gatumba yameshaonyesha hivyo, na ndugu wenye shida hujua siku fedha ilipoingia.

Kwa maoni yangu, mama huyu agawe. Achukue milioni 10 za biashara, milioni 20 zimpe kama faranga 133,000 kwa mwezi za kodi ya nyumba na dawa, ambazo hata mzigo ukipotea hazikatiki.

Kabla ya kutia saini, aulize mambo mawili. Je, malipo huongezwa bei zinapopanda, au yamefungwa hapo hapo? Na akifariki mwaka wa pili, fedha iliyobaki inakwenda kwa nani? Mikataba mingine hukoma na mwenyewe. Mingine huhakikisha malipo kwa miaka kadhaa, au humlipa mume au mke anayebaki, ila kwa malipo ya mwezi yaliyo madogo zaidi.