Bei ya keshi, bei ya mkopo: tofauti iwe na hesabu

Mteja anayeulizia friji katika maduka ya vyombo vya umeme ya Kariakoo, Arusha au Mwanza mara nyingi hurudishiwa swali kabla hajatajiwa bei: analipa keshi au anachukua kwa mkopo? Bei ni mbili, na kila mfanyabiashara anajua kwamba ya mkopo iko juu. Wanaoweza kumweleza mteja kwa nini iko juu, na kwa nini imezidi kwa kiasi kile na si kingine, ni wachache. Wengi hujibu tu kwamba ndiyo bei ya mkopo ilivyo.

Jibu hilo huja kulipiwa baadaye. Mteja mwenye shida ya friji hukubali bila kuuliza zaidi, akatoa kianzio na kulipa marejesho ya miezi kadhaa. Siku moja jirani anamwambia friji kama ile inauzwa laki tisa, naye akipiga hesabu anaona ameshalipa laki tisa na bado anadaiwa. Kuanzia hapo simu haipokelewi. Moyoni mwake friji ameshailipa, na kinachobaki anakiona ni dhuluma. Madeni mengi yanayoitwa sugu huanzia hapo, kwenye tofauti ambayo mteja hakuwahi kuelezwa.

Tofauti inatoka wapi

Tuchukue duka moja la mfano. Friji inauzwa Sh900,000 kwa keshi. Kwa mkopo, mteja anatoa kianzio cha Sh300,000 na kinachobaki anakilipa kwa miezi sita. Kwa hiyo duka halikumkopesha laki tisa. Limemkopesha laki sita, na hata hizo hazikai mikononi mwake miezi yote sita, kwa kuwa kila mwezi anarudisha laki moja ya deni la msingi. Mwezi wa kwanza anadaiwa 600,000, wa pili 500,000, na hivyo hivyo hadi wa sita anapodaiwa 100,000. Ukijumlisha madeni ya miezi hiyo unapata Sh2,100,000, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia hesabu ya gharama ya fedha.

Tuseme mwenye duka mwenyewe anakopa mtaji kwa asilimia 3 kwa mwezi. Asilimia 3 ya 2,100,000 ni Sh63,000. Hiyo ndiyo gharama ya fedha zake kukaa nje ya duka badala ya kununua mzigo mwingine.

Gharama ya pili ni ya kufuatilia. Kuna simu na ujumbe wa kukumbusha, muda wa kijana anayeshika daftari la madeni, nauli ya kumtembelea aliyechelewa na makato ya malipo ya simu. Tuiweke Sh5,000 kwa mwezi, yaani Sh30,000 kwa miezi sita.

Ya tatu ni hasara ya wasiomaliza. Kama daftari linaonyesha kwamba katika kila wateja ishirini mmoja hukwama, na baada ya friji kurudishwa na kuuzwa kama mtumba duka bado hupoteza Sh300,000, basi hasara hiyo inabebwa na wale kumi na tisa wanaomaliza. Kila mmoja anabeba karibu Sh16,000.

Jumla ni Sh109,000. Mwenye duka akiweka rejesho la Sh120,000 kwa mwezi, mteja atalipa Sh720,000 juu ya kianzio, na bei ya mkopo itakuwa Sh1,020,000. Tofauti na keshi ni Sh120,000: gharama zote tatu zimo, na inabaki akiba ndogo ya Sh11,000 kwa ajili ya wanaochelewa wiki moja mbili.

Kosa la asilimia kwa mwezi

Sasa tazama hesabu inayofanywa na maduka mengi. Mwenye duka anasema anaongeza asilimia 5 tu kwa mwezi, kisha anachukua bei nzima ya keshi na kuizidisha: asilimia 5 ya 900,000 ni 45,000, mara miezi sita ni Sh270,000. Bei ya mkopo inafika Sh1,170,000, na baada ya kianzio rejesho linakuwa Sh145,000 kwa mwezi.

Hesabu hii inamtoza mteja kwa fedha ambazo hakukopeshwa. Inamtoza kwa laki tatu za kianzio alizotoa siku ya kwanza, na inaendelea kumtoza kwa kila rejesho alilokwisha kulipa. Ukiipima kwa deni linalobaki kila mwezi, ile asilimia 5 inakuwa karibu 12. Bei ya kwanza tuliyoikokotoa, ikipimwa hivyo hivyo, ni kama asilimia 5 na nusu. Kwa hiyo mwuzaji anayetamka asilimia 5 anaweza kuwa anadhani anasema kweli, huku anatoza zaidi ya maradufu. Siku mteja wake atakapokutana na ofisa mikopo wa benki akafanyiwa hesabu ile, imani itakuwa imekwisha, na hatarudi kununua jiko wala televisheni.

Ndiyo maana inafaa kumweleza mteja kwa shilingi kwanza. Asilimia inahitaji kuuliza ni ya nini na ya muda gani, lakini shilingi laki moja na elfu ishirini kila mtu anazielewa.

Namna ya kusema dukani

Bei zote mbili ziandikwe kwenye kibandiko kimoja, pamoja na kianzio, rejesho na idadi ya miezi. Bei ikitajwa tu baada ya mteja kusema anataka mkopo, atahisi amepimwa uso. Kisha mwuzaji aseme mwenyewe tofauti kabla hajaulizwa:

"Dada, ukilipa leo ni laki tisa. Ukichukua kwa miezi sita itafika milioni moja na elfu ishirini, yaani umezidisha laki na ishirini. Hapo, sitini na tatu ni gharama ya fedha zetu kukaa kwako, thelathini ni ya kufuatilia malipo, na inayobaki ni ya kuziba pengo la wanaochelewa na wanaoshindwa kumaliza."

Huenda mteja akauliza kwa nini alipe kwa ajili ya wengine wasiolipa. Swali ni la haki na linastahili jibu la kweli: siku ya kwanza duka haliwezi kujua nani atakwama. Mwenye mdhamini wa kuaminika au aliyewahi kumaliza mkopo bila kuchelewa anaweza kupunguziwa sehemu hiyo, maana hatari yake ni ndogo. Punguzo hilo litolewe kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa kujuana.

Kinachomsadikisha mteja zaidi ni kuona tofauti ikipungua. Mwambie akitoa kianzio cha Sh500,000 na kulipa kwa miezi minne, atakopeshwa laki nne tu. Madeni ya miezi hiyo yakijumlishwa ni 1,000,000, gharama ya fedha ni Sh30,000, ya kufuatilia Sh20,000, na fungu la hasara kama Sh10,000. Tofauti inashuka kutoka Sh120,000 hadi Sh60,000. Hapo ataona kwamba analipia muda na hatari, na kwamba vyote viwili anaweza kuvipunguza mwenyewe.

Kanuni hiyo hiyo itumike anapomaliza mapema. Akija mwisho wa mwezi wa pili anataka kulipa marejesho manne yaliyobaki kwa pamoja, badala ya Sh480,000 apunguziwe Sh30,000 za fedha na Sh20,000 za ufuatiliaji ambazo duka halitazitumia tena. Atoe Sh430,000 na apewe risiti ya kumaliza deni.

Swali la riba

Zanzibar, Tanga, Mombasa na popote penye wateja Waislamu, swali hufika haraka: je, nyongeza hii si riba? Wanazuoni walio wengi wameruhusu bei ya baadaye kuwa juu kuliko ya keshi, ingawa wapo walioikataa. Baraza la Fikihi la Kimataifa, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu na lenye makao Jeddah, lilitoa uamuzi wa kuiruhusu mwaka 1990. Masharti yake yanagusa moja kwa moja namna ya kuuza. Mnunuzi na mwuzaji wakubaliane bei moja kabla ya kuachana, si mteja aondoke na friji huku haijulikani amenunua kwa ipi. Na bei ikishakubaliwa haiongezwi, hata mteja akichelewa.

Faini ya kuchelewa basi ndiyo inayoharibu mauzo hayo. Baraza hilo lilikubali pia mdai kumpunguzia anayelipa mapema, mradi lisiwe jambo lililokubaliwa tangu mwanzo. Duka lenye wateja wa aina hii lisiliandike punguzo hilo kwenye mkataba, bali lilitoe kwa hiari siku mteja anapokuja kumaliza.

Sharti la bei kutobadilika lina faida hata mahali ambapo hakuna anayeuliza habari za riba. Faini zikirundikana, deni la mtu aliyekwama linamkimbia, naye huacha hata kujaribu. Duka linalojua kuwa haliwezi kuongeza kitu baadaye hulazimika kukokotoa ucheleweshaji tangu mwanzo na kuchagua vizuri wa kumkopesha.

Nchini Kenya sheria ya kuuza kwa awamu, Sura ya 507, inamtaka mwuzaji ataje bei ya keshi kwa maandishi pamoja na bei ya awamu, na mteja akishalipa theluthi mbili, mali haichukuliwi tena bila kwenda mahakamani. Mfanyabiashara wa nchi nyingine asisubiri kulazimishwa. Mkataba wa ukurasa mmoja wenye bei mbili, tarehe za marejesho na sahihi unamlinda yeye kwanza.

Kujua kama tofauti iko sawa

Wateja wenyewe huonyesha. Wale unaojua wana fedha wakianza wote kuchukua kwa mkopo, tofauti yako ni ndogo mno, na wewe umegeuka mkopeshaji wa bei rahisi mtaani. Wakija kwako tu waliokataliwa na maduka mengine, tofauti ni kubwa mno: waaminifu wameikimbia, wamebaki wasiokusudia kuilipa. Hasara inapanda, mwenye duka anapandisha bei kuifidia, na waaminifu zaidi wanaondoka.

Jihadhari pia na ujanja wa kupandisha bei ya keshi ili ya mkopo ionekane karibu. Mteja akiuliza duka la pili atakugundua, na mnunuzi wa keshi, ambaye hakusumbui hata kidogo, ndiye utakayempoteza kwanza.

Kila baada ya miezi sita fungua daftari uhesabu upya: wangapi walikwama, umepoteza kiasi gani, mtaji unaukopa kwa bei gani. Namba zikibadilika, badilisha bei kwa mikataba mipya pekee. Aliyekwisha kusaini amalizie kwa bei aliyoambiwa.