Kodi ya Zuio: Fedha Iliyokatwa Imefika Wapi?

Wakili ameifanyia kazi shule binafsi na kuandika ankara ya shilingi 4,000,000. Juu yake ameongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 720,000, hivyo anadai 4,720,000. Siku ya malipo anakuta benki 4,520,000. Zimepungua shilingi 200,000, na hajaibiwa.

Hiyo ni kodi ya zuio. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka anayelipia huduma ya kitaalamu ya mkaazi abakize asilimia 5 ya ada, akiipigia hesabu kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwenye pango la jengo hubakizwa asilimia 10. Fedha hiyo si ya shule tena. Inatakiwa ifike Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha, na wakili apewe cheti kitakachopunguza kodi yake ya mwaka.

Mkaguzi wa hesabu akija, ana maswali mawili: je, kodi ilikatwa kila ilipopaswa? Na je, ilifika TRA kwa wakati?

Kwa swali la kwanza, mkaguzi asiye mzoefu huomba leja ya kodi ya zuio, akachagua makato kadhaa na kuyahakiki. Yote yatakuwa sawa, kwa sababu leja ile inaonyesha kilichokatwa tu. Malipo ambayo hayakukatwa hayamo humo. Anayejua kazi huanzia upande wa pili: taarifa ya benki na hati za malipo.

Tuchukue mfano. Leja ya shule yetu ya Machi inaonyesha shilingi 200,000 za wakili na 50,000 za mshauri wa kodi aliyelipwa ada ya 1,000,000. Jumla ni 250,000, zote zimeandikwa kuwa zimelipwa TRA, na salio ni sifuri. Leja ni safi kabisa. Lakini taarifa ya benki ya mwezi huohuo ina malipo ya shilingi 6,000,000 kwa mwenye jengo la bweni, pango la miezi mitatu. Mkataba unasema pango ni 2,000,000 kwa mwezi, kwa hiyo amelipwa lote bila kukatwa senti. Ilipaswa zibaki 600,000.

Mhasibu ataeleza kwamba mwenye jengo aligoma kukatwa. Maelezo hayo hayaiokoi shule. Kwa mujibu wa sheria, asiyekata hulazimika kuilipa TRA kodi ileile kana kwamba aliikata, kisha amfuate mwenyewe aliyelipwa. Deni la Machi si 250,000, ni 850,000.

Katika hatua hii mkaguzi husoma ankara na mkataba, hatosheki na jina la fungu lililoandikwa vitabuni. Ada ya mtaalamu huweza kuwekwa chini ya "vifaa", na hapo kodi ikapita bila kuonekana. Malipo ya pango huwa machache, hivyo ni bora kuyapitia yote kuliko kuchagua sampuli.

Swali la pili ni la tarehe. Kodi ya Machi mwisho wake ni tarehe 7 Aprili. Hati ya malipo ya shule imesainiwa tarehe 6 Aprili, na namba ya malipo ya TRA, ile kontroli namba, imetolewa siku hiyohiyo. Lakini namba hiyo ni ya kulipia tu, haithibitishi kwamba fedha imelipwa. Taarifa ya benki inaonyesha fedha ilitoka tarehe 24 Aprili, siku 17 baada ya muda kwisha, na ucheleweshaji huo una riba. Tarehe ya kuaminiwa ni ile fedha ilipotoka benki, ikilinganishwa na stakabadhi ya TRA.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Salio la kodi ya zuio mwisho wa mwezi linapaswa kulingana na makato ya mwezi huo peke yake. Kama makato ya mwezi ni 450,000 na salio ni 1,130,000, basi 680,000 ni za miezi iliyopita. Mara nyingi utakuta zilitumika kulipa mishahara au umeme, na mwenye taasisi akidhani anazikopa kwa siku chache.

Hasara haiishii shuleni. Wakili asiyepewa cheti hana cha kuonyesha kwamba zile 200,000 zilikwisha kukatwa, na anaweza kujikuta akizidaiwa tena. Kwa hiyo wewe unayetoa huduma, ukikatwa kodi ya zuio, dai cheti chako mapema, usingoje mwisho wa mwaka.